Mtandao ukirudi, usimwage foleni yote: posti iliyopitwa na saa si deni

Kila mara mtandao mkubwa unapozima kisha ukarudi, kuna kitu hunichekesha na kunikera kwa pamoja. Nusu saa haijaisha tangu mambo yawe sawa, unafungua simu na kukuta ukurasa mmoja wa biashara umemwaga posti sita mfululizo. Ya kwanza inakusalimia "jioni njema" na ni saa mbili asubuhi. Ya pili inakuambia ofa inaisha leo saa tatu usiku, na hiyo "leo" ilikuwa jana. Ya tatu inasema "kama tulivyowaonyesha kwenye sehemu ya kwanza", lakini sehemu ya kwanza iko chini yake.

Msee anayeendesha ukurasa huo si mvivu. Kinyume chake, alikaa Jumapili nzima akiandika, akipunguza picha, akipanga saa. Ndiyo maana hataki kazi yake ipotee. Anaona posti zilizokwama kama deni: ziliahidiwa, hazikutoka, kwa hivyo zilipwe zote, tena haraka.

Hapo ndipo mimi natofautiana naye. Posti iliyokosa saa yake si deni. Saa uliyoweka ilikuwa makisio tu: ulidhani kwamba watu fulani, saa fulani, watataka kujua jambo fulani. Saa ikishapita, unachofaa kuuliza ni kama lile jambo bado lina maana kwa wale watu. Posti nyingi ukiziuliza swali hilo zitajibu hapana, na zinazojibu hapana zinafaa kufutwa bila matanga.

Tuchukue usiku ambao wengi wetu tunaukumbuka. Jumatatu, Oktoba 4, 2021, Facebook, Instagram na WhatsApp zilizima kwa pamoja dunia nzima. Kwetu ilikuwa kitu saa kumi na mbili na dakika arobaini jioni, watu wakiwa kwenye matatu wakielekea nyumbani, na mambo hayakurejea hadi saa sita usiku ilipopita. Karibu saa sita nzima. Watu walihamia Twitter kucheka na kulalamika.

Kampuni yenyewe ilieleza kesho yake kilichotokea. Wahandisi walikuwa kwenye ukarabati wa kawaida, amri moja ikakata kwa bahati mbaya mawasiliano yote yanayounganisha vituo vyao vya data. Programu iliyopaswa kuzuia amri ya aina hiyo ilikuwa na hitilafu, ikaiacha ipite. Baada ya hapo kompyuta zinazoelekeza simu zetu mahali Facebook ilipo zikajitoa kwenye intaneti, na ikawa ni kama anwani hiyo haijawahi kuwepo.

Sehemu inayonigusa mimi ni ya mwisho ya maelezo yale. Walipofanikiwa kurudisha njia, hawakuwasha kila kitu mara moja. Matumizi ya umeme kwenye vituo vyao yalikuwa yameshuka kwa makumi ya megawati, na waliogopa kwamba watu wote wakirudi kwa kishindo mifumo ingeanguka tena. Wakarudisha huduma polepole. Sasa jiulize: wenye mtandao wenyewe walirudi taratibu, halafu wewe mwenye ukurasa wa viatu unafungulia bomba lote?

Kabla ya kuamua nini kitoke na nini kifutwe, ni lazima ujue foleni yako iko wapi, kwa sababu foleni haziko sawa. Kuna wanaopanga posti ndani ya mtandao wenyewe. Mtandao ukizima, huwezi hata kuingia kuzigusa; unangoja urudi, na ukirudi unakuta baadhi zimetoka kwa kuchelewa na nyingine bado zimelala. Kuna wanaotumia apu ya nje inayopeleka posti kwenye kurasa kadhaa. Hiyo apu mara nyingi inaendelea kufanya kazi hata Facebook ikiwa chini. Inajaribu kupeleka, inashindwa, inaweka alama nyekundu, na nyingine hujaribu tena yenyewe baada ya muda.

Wenye blogu za WordPress wana yao. Seva ya blogu ikizima kisha irudi, WordPress haina saa ya kengele inayolia yenyewe. Kwa kawaida inakagua ratiba pale mtu anapofungua ukurasa. Msomaji wa kwanza anayeingia anaamsha ukaguzi huo, na makala zote zilizokuwa zimepitwa na saa zinaweza kutoka kwa mkupuo, kila moja ikiwa na tarehe yake ya zamani. Kwenye blogu zinajipanga nyuma kimyakimya, lakini aliyejiandikisha kupokea barua pepe anaweza kupata makala nne ndani ya dakika moja. Nyingine hazitoki kabisa na kwenye orodha zinaandikwa `Missed schedule`.

Kwa hivyo hatua ya kwanza, kabla ya kufikiria chochote, ni kusimamisha foleni. Kama apu yako ina kitufe cha kusimamisha, kibonyeze mtandao ukiwa bado umezima, usingoje urudi saa saba usiku ukiwa usingizini. Kama hakuna kitufe, zirudishe posti ziwe drafti, au sogeza tarehe zake wiki moja mbele. Hii ni pamoja na zile ambazo saa yake bado haijafika. Posti ya kesho asubuhi iliandikwa ukidhani ya leo usiku imeshatoka.

Hatua ya pili ni kufungua ukurasa wenyewe na kutazama kwa macho yako, si kuiamini apu. Hapa wengi huchomeka. Apu ikiandika `Failed` inamaanisha tu kwamba haikupata jibu. Inawezekana posti ilifika na jibu ndilo lililopotea njiani. Ni kama kutuma pesa kwa M-Pesa wakati mtandao unasumbua: ujumbe haujaja, lakini huwezi kutuma tena kabla ya kuangalia salio, la sivyo utatuma mara mbili. Ukibonyeza "jaribu tena" kwenye posti ambayo tayari iko juu, unapata mapacha. Basi linganisha: orodha ya apu upande mmoja, ukurasa upande mwingine, weka alama kwenye zile ambazo kweli hazikutoka. Na ukiwa unalinganisha, angalia saa. Taarifa nyingi za kiufundi huandikwa kwa saa za dunia, ambazo ziko nyuma ya Nairobi kwa saa tatu. Posti uliyodhani ilinusurika inaweza kuwa ilikuwa katikati ya giza.

Sasa tuje kwenye uamuzi. Nitatumia usiku ule ule wa Oktoba 4 na kurasa tatu za kubuni, za aina ambayo vijana wengi mjini wanasimamia ili wapate doo ya mwezi: kibanda cha chakula Umoja, muuzaji wa mitumba anayetoa mzigo Gikomba, na kinyozi wa Rongai. Tuseme posti tisa zilikuwa zitoke kati ya saa moja na saa nne usiku, na hakuna hata moja iliyotoka.

Kibanda kilikuwa na tatu. Ya saa moja ilitangaza chapo na ndengu kwa bei ya ofa hadi saa tatu usiku. Ya saa mbili na nusu ilisema "bado mko na nusu saa". Ya saa tatu na nusu ilikuwa menyu ya kesho. Mbili za kwanza zimekufa, zifute. Usiseme "nitaiweka kesho jioni", kwa sababu ofa si yako, ni ya mwenye kibanda; labda ndengu za ofa zilipikwa Jumatatu pekee. Menyu ya kesho bado iko hai, lakini neno moja limeoza: ukiiachilia saa saba usiku, "kesho" imeshakuwa "leo". Ibadilishe neno hilo, uiweke saa kumi na mbili asubuhi, watu wakiamka.

Mwenye mitumba naye alikuwa na tatu zilizokwama, na hapa pana utata zaidi. Alikuwa ameanza mfululizo wa majaketi. Sehemu ya kwanza ilitoka saa kumi na mbili na nusu jioni, dakika kumi tu kabla ya giza. Ya pili ilikuwa itoke saa moja na nusu, ya tatu yenye bei saa mbili na nusu. Posti ya mwisho ilikuwa ya kufundisha jinsi ya kusafisha viatu vya swedi, saa nne.

Usiziachilie hizo sehemu mbili asubuhi. Kwanza, walioiona ya kwanza ni wachache mno. Pili, wateja wa ukurasa huo ni watu wa jioni. Ndiyo maana ziliwekwa jioni. Tatu, mitumba ni kipande kimoja kimoja, na huenda mtu alipiga simu ya kawaida usiku ule akachukua jaketi lililo kwenye picha ya tatu. Mpigie muuzaji umuulize yapi yamebaki. Kisha unganisha sehemu ya pili na ya tatu ziwe posti moja yenye picha na bei, ondoa yaliyouzwa, itoke Jumanne saa moja na nusu usiku. Ya swedi haina haraka. Viatu vitachafuka hata wiki mbili zijazo, ipeleke mwisho wa foleni.

Kinyozi alikuwa na tatu pia. Saa mbili usiku, tangazo la kulipiwa kutoka kwa muuza mafuta ya nywele. Saa tatu, mzaha kuhusu Jumatatu. Saa nne, mwaliko wa kuweka nafasi mapema kwa ajili ya Mashujaa Dei, Oktoba 20. Mzaha usiufute, Jumatatu itarudi. Usogeze wiki moja. Mwaliko wa Mashujaa bado una siku kumi na sita mbele yake, uweke Alhamisi. Tangazo la kulipiwa usiliguse hata kidogo kabla hujapiga simu.

Hesabu basi. Katika tisa, mbili zimefutwa, moja imebadilishwa neno, mbili zimekuwa moja, tatu zimesogezwa, moja inangoja simu. Zinazotoka Jumanne ni mbili tu kutoka kwenye foleni iliyokwama. Tena hazitoki juu ya ratiba ya Jumanne, zinachukua nafasi ndani yake. Kama ukurasa wa mitumba hutoa posti tatu kwa siku, Jumanne nao utoe tatu. Ikiingia ya majaketi, moja iliyokuwa hapo inasogea mbele. Hii ndiyo kanuni ningependa uibebe: idadi ya siku isipande kwa sababu jana kulizima. Posti sita za ukurasa mmoja zikitoka pamoja zinanyang'anyana macho ya watu wale wale, na mtu akichoka hachagui ipi imemchosha, ananyamazisha ukurasa mzima.

Kuna hatua nyingine ambayo haiko kwenye apu yoyote: soma habari kabla ya kubonyeza. Wakati foleni yako imelala, dunia haikulala. Juni 25, 2024, siku waandamanaji walipoingia Bunge kupinga Mswada wa Fedha, intaneti nchini ilisumbua vibaya jioni ile. Serikali, kupitia mamlaka ya mawasiliano, ilikuwa imesema siku iliyotangulia kwamba haikuwa na nia ya kuifunga. Tuliporudi mtandaoni kwa ukamilifu kulikuwa na vijana waliouawa kwa risasi na familia zikitafuta watu wao. Sasa fikiria foleni iliyopangwa Jumapili, haijui lolote, ikiachilia "Usiku wa leo ni wa kulewa, njooni wote tauni". Mwenye baa hakuwa na ubaya. Lakini aliyesoma posti ile hakujua kwamba iliandikwa siku mbili kabla. Aliona mtu aliyeichapisha usiku ule.

Siku kama hiyo sheria zangu zote za juu zinawekwa kando. Hakuna kuunganisha wala kubadilisha neno. Foleni inabaki imesimamishwa hadi utakapoweza kusoma kila posti kana kwamba umefiwa wewe.

Najua pingamizi, kwa sababu nazisikia kila mara. La kwanza ni la pesa. "Mteja amelipia posti thelathini kwa mwezi. Nikitoa ishirini na sita, atanikata." Hili si jambo dogo, kuna watu kodi yao iko kwenye hizo posti. Lakini fikiria ulichouza. Muuza mafuta ya nywele hakulipia maandishi yawepo mahali fulani kwenye intaneti. Alilipia watu wayaone saa mbili usiku. Ukimwekea saa saba usiku, pamoja na lundo la posti nyingine, umejaza idadi na umemnyima alichonunua. Akija kuangalia namba na kukuta hakuna aliyebonyeza, hutamshinda kwa kumwonyesha kwamba hesabu imetimia.

Dawa ni kumtafuta yeye kabla hajakutafuta wewe. Ujumbe wenyewe ni mfupi: "Habari ya asubuhi. Tangazo lako la jana saa mbili usiku halikutoka kwa sababu mtandao wote ulikuwa umezima. Sijaliweka bado. Naweza kuliweka leo saa mbili usiku, au Alhamisi saa hiyo hiyo, peke yake bila posti nyingine karibu. Unaonaje?" Mpe nafasi mbili, usimpe sita. Ukisema mapema una nafasi ya kuaminiwa, kwa sababu yeye pia alikuwa kwenye giza hilo na anajua si wewe uliyezima. Akipendelea kurudishiwa sehemu ya pesa, hilo pia mnaweza kuzungumza kama watu wazima.

Na mkiandikiana makubaliano mengine, hata kama ni kwenye WhatsApp tu, ongeza sentensi mbili: posti iliyokosa saa yake kwa sababu ya mtandao itapewa saa nyingine inayofanana ndani ya siku saba, ile iliyopitwa na tukio lake itabadilishwa na nyingine mpya. Sentensi hizo mbili zinakutoa kwenye mtego wa kutimiza thelathini kwa nguvu.

Pingamizi la pili ni kwamba algoriti itapanga yenyewe, itachagua nzuri na kuficha mbaya. Labda. Lakini algoriti haijui kwamba chapo ziliisha jana. Inaweza kabisa kuchagua ile ya ofa iliyokufa kwa sababu picha ilikuwa tamu, na wewe ukashinda siku nzima ukijibu watu wanaouliza kama ofa bado ipo.

Pingamizi la tatu nalikubali. Kuna posti ambazo lazima zitoke mara tu mtandao unaporudi, hata kama ni saa nane usiku: mahali pa tamasha pamebadilishwa na watu wamenunua tiketi, kliniki haitafungua kesho, mzigo wenye kasoro unarudishwa. Lakini tazama vizuri, posti hizo hazitoki kwa sababu zilikuwa kwenye ratiba. Zinatoka kwa sababu mtu ataumia au atapoteza nauli akizikosa. Na hata hizo, toa moja, iandike upya na tarehe kamili badala ya "kesho", usiizike katikati ya nyingine nane. Kama ni ya dharura kweli, usingoje hata mtandao urudi: tuma SMS.

Ukitaka kujirahisishia kazi mara nyingine kukizima, anza siku unapopanga. Kando ya kila posti andika tarehe ya kufa. Si lazima iwe ndani ya apu; daftari au jedwali kwenye simu linatosha. Ofa ya chapo: inakufa leo saa tatu. Menyu: inakufa kesho saa nne asubuhi. Majaketi: yanakufa yakiuzwa. Mashujaa: Oktoba 19. Swedi: haifi. Inachukua sekunde chache kwa kila posti wakati bado unakumbuka kwa nini uliiandika. Siku ya giza hutahitaji kufikiria ukiwa na usingizi na wateja watatu wanakupigia. Utasoma tu safu hiyo kutoka juu hadi chini, zilizokufa uzifute, zilizo hai uzitafutie saa.

Utagundua kitu kingine ukifanya hivyo kwa mwezi mmoja. Kuna posti ambazo utashindwa kuziandikia tarehe ya kufa, na si kwa sababu hazifi. Ni kwa sababu hazikuwa na maana tangu mwanzo, ziliwekwa kujaza nafasi ya saa nne usiku. Hizo usingoje mtandao uzime ndipo uzifute.